Shilingi 30,000 juu ya rejesho: jinsi mwalimu anavyoweza kupunguza miaka minne na zaidi ya mkopo wa nyumba

Mwalimu tutakayemfuata katika mwongozo huu ni wa kubuni, lakini mkopo wake ni wa aina ambayo watumishi wengi wa umma Tanzania wanaifahamu, na hesabu zake zote zinaweza kurudiwa na msomaji kwa kikokotoo cha simu. Anafundisha Historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Akiwa na umri wa miaka 40 alikopa benki shilingi 40,000,000 ili amalizie nyumba yake, akaweka hati ya kiwanja rehani, na akakubali riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa muda wa miaka 20. Rejesho lake ni shilingi 526,716 kila mwezi, linakatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Kato la kwanza lilikuwa Januari 2024 na la mwisho limepangwa Desemba 2043, mwaka ambao atatimiza miaka 60, ambayo ndiyo umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Kwa maneno mengine, alikuwa amesaini kudaiwa kwa ajili ya nyumba hiyo mpaka siku ya kukabidhi chaki.

Siku chache kabla ya kato la kwanza alikwenda kwa mhasibu wa shule, mzee aliyekaribia kustaafu, akiwa na karatasi za benki mkononi.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisaidie kusoma hii karatasi. Nalipa laki tano na zaidi, lakini hapa naona deni linapungua shilingi elfu ishirini na sita tu. Wamekosea?"

"Marahaba, mwalimu. Hawajakosea. Keti nikuonyeshe mahali pa kuangalia."

Karatasi hiyo ni jedwali la marejesho, na kila mtu mwenye mkopo wa muda mrefu anapaswa kuwa nalo. Mistari yake minne ya mwanzo ilisomeka hivi, kwa shilingi:

| Mwezi | Riba | Deni la msingi linalolipwa | Salio |
|---|---|---|---|
| 1 | 500,000 | 26,716 | 39,973,284 |
| 2 | 499,666 | 27,050 | 39,946,234 |
| 3 | 499,328 | 27,388 | 39,918,846 |
| 4 | 498,986 | 27,730 | 39,891,116 |

Riba ya asilimia 15 kwa mwaka ni asilimia 1.25 kwa mwezi, na asilimia 1.25 ya milioni 40 ni shilingi 500,000. Benki huchukua riba hiyo kwanza, kisha kinachobaki katika rejesho, yaani shilingi 26,716, ndicho kinachopunguza deni lenyewe. Mwezi unaofuata riba inapigwa juu ya salio jipya, ambalo limepungua kidogo sana, kwa hiyo riba nayo inapungua kidogo sana. Ndiyo maana mkopo wa namna hii hutambaa kwa miaka mingi. Mwalimu huyu akilipa bila kukosa kwa miaka 10 atakuwa ametoa zaidi ya shilingi milioni 63, na bado atakuwa anadaiwa karibu milioni 32.6.

Mhasibu akaweka kidole kwenye mstari wa pili, katika safu ya deni la msingi.

"Mwezi huu, ukishakatwa rejesho la kwanza, peleka benki hii shilingi 27,050 ya mstari wa pili, iende kwenye deni la msingi. Mwezi ujao utaanzia mstari wa tatu."

"Na ile riba ya mstari wa pili, ile 499,666, nitailipa lini?"

"Hutailipa. Riba inatozwa kwenye salio, na salio hilo umekwisha kuliruka."

Hapo ndipo lilipo jambo zima, na inafaa msomaji alishike kabla ya kwenda kwenye hatua. Shilingi 27,050 iliyolipwa mwanzoni inafuta rejesho zima la shilingi 526,716 mwishoni mwa mkopo, kwa sababu jedwali limesogea mstari mmoja mbele na mstari wa mwisho hauna kazi tena. Hakuna punguzo wala upendeleo wa benki katika hilo, maana ni kanuni ileile ya riba inayotozwa kwenye salio, safari hii ikimfanyia kazi mkopaji. Kadiri miaka inavyokwenda, kuruka mstari mmoja kunakuwa ghali zaidi: baada ya miaka 10 kunahitaji shilingi 118,625, na baada ya miaka 15 kunahitaji karibu shilingi 250,000. Kwa hiyo shilingi ya ziada ina nguvu kubwa zaidi mwanzoni, wakati ambapo mkopaji huona deni ni kubwa mno kiasi kwamba elfu thelathini haiwezi kulitikisa.

Mwalimu aliamua kuongeza shilingi 30,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza. Kwa kiasi hicho mkopo wa miezi 240 unakwisha katika miezi 184, yaani Aprili 2039 badala ya Desemba 2043. Miezi 56, au miaka 4 na miezi 8, inaondoka. Jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni mwake inashuka kutoka takriban shilingi 126,400,000 hadi takriban 102,400,000, na katika hizo milioni 102 nyongeza yake yote imekwisha kuhesabiwa. Kwa umri wake, deni linakwisha akiwa na miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari.

Hatua ya kwanza: jua riba yako inapigwa juu ya nini

Hesabu hii yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba riba inatozwa kwenye salio linalopungua. Mikopo ya nyumba ya benki kwa kawaida ni ya namna hiyo. Mikopo mingi midogo ya taasisi za fedha na ya baadhi ya vikundi siyo: riba inapigwa mara moja juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza, kisha jumla inagawanywa kwa idadi ya miezi. Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 24, na riba ya asilimia 18 kwa mwaka iliyopigwa kwa namna hiyo. Riba ni shilingi 1,080,000, jumla ni 4,080,000, na rejesho ni 170,000 kwa mwezi. Ukiongeza shilingi 30,000 kila mwezi utamaliza mapema kidogo, lakini utakuwa umelipa 4,080,000 ileile, isipokuwa mkataba uwe na kifungu cha kurudisha sehemu ya riba kwa anayemaliza mapema.

Kujua ni rahisi. Omba jedwali la marejesho na ulinganishe safu ya riba ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa kumi na mbili. Riba ikiwa inashuka, endelea kusoma mwongozo huu. Ikiwa ni ileile mwezi hadi mwezi, usiongeze chochote kabla hujauliza kwa maandishi kama kumaliza mapema kunapunguza riba. Na kama afisa mikopo anakuambia jedwali halipo au si lazima, muombe taarifa ya akaunti ya mkopo ya miezi mitatu na ulifanye zoezi hilo mwenyewe, kwa kutazama kiasi gani cha kila rejesho kimekwenda kwenye riba.

Hatua ya pili: fanya hesabu ya mkopo wako mwenyewe

Usitumie miezi 56 ya mwalimu huyu kana kwamba ni yako. Matokeo hutegemea riba, muda uliobaki na salio, na riba ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi: mkopo wa riba ndogo au wa miaka michache hauokoi miaka mingi. Aliye na kompyuta, au programu ya majedwali kwenye simu, aandike fomula mbili. Ya kwanza inathibitisha rejesho la benki, na ya pili inatoa idadi ya miezi ukiongeza nyongeza yako:

```
=PMT(0.15/12, 240, -40000000)
=NPER(0.15/12, -(526716+30000), 40000000)
```

Ya kwanza inatoa 526,716 na ya pili 183.86, maana yake marejesho kamili 183 na moja dogo la mwisho. Kwenye simu au kompyuta nyingine alama ya mkato ndani ya fomula hukataliwa, na badala yake huwekwa nukta mkato. Weka riba yako, miezi iliyobaki, rejesho lako na salio la leo, siyo muda na kiasi ulichokopa mwanzoni. Kama fomula ya kwanza haifanani na rejesho unalokatwa, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni bima ya mkopo iliyojumuishwa ndani ya makato, na bima hiyo haipunguzi deni hata kidogo.

Hapo msomaji aliyekwisha kulipa kwa miaka kadhaa ataona jambo litakalomuuma kidogo. Lau mwalimu angeanza nyongeza hiyohiyo baada ya miaka 5, salio likiwa takriban 37,634,000, angepunguza kama miezi 30 tu badala ya 56. Miaka miwili na nusu bado si haba. Lakini mtu anayesema ataanza watoto wakimaliza shule anapaswa kuona gharama ya kungoja kabla hajaamua kungoja. Anayeweza kupata 50,000 badala ya 30,000 tangu mwanzo anamaliza kwa miezi 163, yaani miaka 6 na miezi 5 mapema. Ongezeko hilo linafaa pia kufikiriwa mwalimu anapopanda daraja, kabla maisha hayajaizoea nyongeza ya mshahara.

Hatua ya tatu: hakikisha shilingi hiyo haina kazi ya haraka zaidi

Fedha iliyoingia kwenye deni la msingi hairudi. Huwezi kwenda tawini mwezi Januari, ada na sare za shule zikiwa mlangoni, ukasema unaomba ile laki tatu uliyotanguliza mwaka jana. Kwa sababu hiyo mhasibu alimwambia mwalimu aweke akiba kwanza, angalau ya kutosha matumizi ya nyumba ya miezi miwili, mahali inapotoka kwa urahisi. Wengine hutumia akaunti ya akiba, wengine vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS.

Halafu kuna madeni mengine. Kila shilingi 30,000 inayopelekwa kwenye mkopo wa asilimia 15 kwa mwaka inaokoa riba ya shilingi 375 kwa mwezi. Ikipelekwa kwenye mkopo wa mtaani wa asilimia 10 kwa mwezi, ile inayoitwa kausha damu, inaokoa shilingi 3,000 kwa mwezi. Haihitaji hesabu ndefu kuona kipi kianze. Kinyume chake ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao walimu wengi wenye shahada bado wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo mkopo huo hauongezeki kwa kukaa, na kuuharakisha hakuokoi riba yoyote. Uache uende kwa kasi yake ya makato ya kawaida, na fedha ya ziada ielekezwe kwenye deni linalozaa.

Hatua ya nne: soma kifungu cha kulipa kabla ya muda

Fungua mkataba, siyo kipeperushi, na utafute kifungu kinachozungumzia kulipa sehemu ya mkopo au mkopo wote kabla ya muda. Unatafuta mambo matatu: kama kuna ada, kama kuna kiwango cha chini, na kama unatakiwa kutoa taarifa mapema.

Ada si lazima ikukatishe tamaa. Ikiwa ni asilimia 2 ya kiasi unachotanguliza, 30,000 inatozwa shilingi 600, na kwa kuwa nyongeza hiyo inaokoa 375 kila mwezi, ada imerudi ndani ya miezi miwili. Ada ya kiasi maalumu kwa kila muamala ndiyo mbaya, kwa mfano shilingi 10,000 kila unapolipa, bila kujali kiasi. Hapo dawa ni kukusanya na kulipa mara chache, na dawa hiyohiyo ndiyo inayotumika pale benki inapokataa kupokea chini ya kiasi fulani. Kukusanya kwa miezi minne na kulipa 120,000 kwa mpigo kunakupotezea takriban shilingi 2,250 tu za riba kila mzunguko. Hasara ya kweli ya kukusanya ni kwamba fedha inayokaa mkononi hupata matumizi, na hilo msomaji anajijua mwenyewe kuliko mwandishi.

Hatua ya tano: andika barua, na useme wazi unataka nini

Hapa ndipo nyongeza nyingi hupotea, na hupotea kimya. Shilingi 30,000 ikiingia kwenye akaunti bila maelekezo, mambo matatu yanaweza kutokea. Inaweza kukaa tu kwenye akaunti ya mshahara. Inaweza kuhesabiwa kuwa umetanguliza sehemu ya rejesho la mwezi ujao, na salio lisipungue mapema kama ulivyokusudia. Au inaweza kweli kupunguza deni la msingi, lakini mfumo ukapanga upya mkopo kwa kushusha rejesho na kuacha muda uleule wa miaka 20. La tatu hili linaonekana kama zawadi, maana makato yanapungua kidogo, lakini miaka uliyokuwa unaitafuta haiondoki.

Mwalimu alipeleka barua tawini, nakala mbili, moja ikagongwa mhuri wa kupokelewa na kurudi naye. Kiini chake kilikuwa hivi:

"Ninaomba kulipa shilingi 30,000 kila mwezi zaidi ya rejesho langu la kawaida la shilingi 526,716, kuanzia mwezi huu. Ninaelekeza kwamba kiasi chote cha nyongeza kipunguze deni la msingi siku kinapopokelewa, kisihesabiwe kuwa malipo ya rejesho la mwezi unaofuata, na kwamba rejesho langu libaki lilelile huku muda wa mkopo ukipungua. Ninaomba kuthibitishiwa kwa maandishi, pamoja na ada yoyote itakayohusika."

Sentensi ya pili ndiyo inayobeba barua. Afisa akikujibu kwa mdomo kwamba "haina shida, mwalimu, tutaiweka," mshukuru na uombe jibu hilo kwa barua pepe.

Hatua ya sita: lipa siku inayofaa

Makato ya mshahara yanapangwa kwa kiasi kimoja, na kuyabadilisha kwa ajili ya nyongeza ndogo ni safari ndefu isiyo ya lazima. Isitoshe, mtumishi anatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato, na mwalimu aliyekwisha kukaribia kikomo hicho hataruhusiwa kuongeza kitu kwenye orodha ya mishahara. Njia rahisi ni agizo la kudumu benki: kila mwezi, siku moja au mbili baada ya rejesho la kawaida kuingia, shilingi 30,000 ihame kutoka akaunti ya mshahara kwenda akaunti ya mkopo.

Mpangilio huo wa siku una sababu. Nyongeza ikifika kabla ya rejesho, kuna riba ya mwezi iliyokwisha kujikusanya, na mfumo unaweza kuichukua nyongeza hiyo kulipia riba kwanza. Ikifika mara tu baada ya rejesho, riba ya mwezi imekwisha kulipwa na nyongeza haina pa kwenda isipokuwa kwenye deni la msingi. Kwa sababu hiyohiyo, aliye na malimbikizo ya marejesho ayamalize kwanza, maana nyongeza yoyote itamezwa na malimbikizo na adhabu zake.

Hatua ya saba: hakiki mwezi wa pili, siyo mwaka wa pili

Mwezi mmoja baada ya nyongeza ya kwanza, omba taarifa ya akaunti ya mkopo. Kwa mwalimu wetu, salio baada ya rejesho la kwanza na nyongeza linapaswa kuwa 39,943,284, siyo 39,973,284 ya jedwali la zamani. Riba ya mwezi wa pili inapaswa kuwa 499,291, siyo 499,666. Tofauti ni shilingi 375, ndogo kiasi cha kudharaulika, lakini ndiyo uthibitisho kwamba fedha imekwenda ilikokusudiwa. Katika benki zinazopiga riba kwa siku, riba itapanda na kushuka kufuatana na urefu wa mwezi, kwa hiyo hapo tazama safu ya salio na uiache ya riba.

Ikiwa salio halijashuka kwa kiasi ulicholeta, rudi tawini na barua yako yenye mhuri. Omba marekebisho yaanzie tarehe uliyolipa, siyo tarehe ya malalamiko. Malalamiko huanzia benki yenyewe, kwa maandishi, na yasipopata jibu la kuridhisha hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki.

Baada ya uhakiki wa miezi mitatu ya mwanzo inatosha kuangalia mara moja kwa mwaka. Baada ya miaka 4 mwalimu atakuwa ameongeza jumla ya shilingi 1,440,000, na salio lake litakuwa takriban 36,300,000, wakati bila nyongeza lingekuwa takriban 38,257,000. Pengo linakaribia milioni 2, yaani limekwisha kuzidi alichotoa, na linaendelea kupanuka lenyewe.

Mambo mawili yanayoweza kuharibu kazi yote

La kwanza ni riba inayobadilika. Mikataba mingi huipa benki haki ya kupandisha riba, na kwa mkopo mchanga ongezeko dogo huuma sana. Riba ya mwalimu ikipanda kutoka asilimia 15 hadi 16 mwanzoni mwa mkopo, riba ya mwezi mmoja ni shilingi 533,333, kiasi kinachozidi rejesho lake lote la kawaida. Benki itapandisha rejesho au itarefusha muda, na ikirefusha muda bila wewe kugundua, miaka unayoiondoa upande mmoja inaongezwa upande wa pili. Kwa hiyo kila ujumbe wa mabadiliko ya riba uwe sababu ya kuomba jedwali jipya na kurudia ile fomula ya pili.

La pili ni topapu. Mwalimu akishalipa miaka michache bila kukosa, atapigiwa simu na afisa mikopo mchangamfu atakayemwambia kwamba sasa "anakopesheka" na anaweza kuongezewa milioni tatu na nusu leo hii. Kwa salio la milioni 36.3, nyongeza hiyo inamrudisha karibu kabisa na milioni 40, mahali ambapo riba ya mwezi inakaribia tena shilingi 500,000, na miaka iliyomsubiri hadi kustaafu sasa ni 16, siyo 20. Rejesho lazima lipande, na miaka minne ya nyongeza imefutwa kwa saini moja. Sisemi topapu haina mahali pake. Mgonjwa anayehitaji upasuaji hangojei jedwali. Lakini bati za kibanda cha biashara ambacho hakijapigiwa hesabu, au mchango wa harusi, ni sababu dhaifu mno ya kurudi mstari wa kwanza.

Hatua ya nane: kumaliza deni na kuitoa hati

Mkopo unaokwisha kabla ya wakati uliopangwa una usumbufu wake mdogo, kwa sababu mfumo wa makato ya mshahara umepewa tarehe ya mwisho ya zamani. Miezi mitatu kabla ya kumaliza, mwalimu aombe benki kiasi cha kufunga mkopo, na alinganishe na hesabu yake. Katika mfano huu rejesho la 184 ni takriban shilingi 479,000 tu, siyo 526,716. Benki inapaswa kuandika barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha na kuwasilisha ombi la kusitisha makato. Mwalimu naye apeleke nakala kwa afisa utumishi wa halmashauri, kisha aangalie hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Kama makato yameendelea, kiasi kilichozidi kirudishwe, na barua ya kumaliza deni ndiyo ushahidi wake.

Kuna jambo moja ambalo wakopaji wengi hulisahau kwa furaha ya kumaliza. Rehani iliyosajiliwa juu ya hati haifutiki yenyewe deni linapokwisha. Benki inatakiwa kusaini nyaraka za kuiondoa rehani, nazo zipelekwe kwa Msajili wa Hati ili zisajiliwe, ndipo hati irudi kwa mwenyewe ikiwa safi. Omba nyaraka hizo katika barua ileile ya kufunga mkopo, uulize ada ya usajili analipa nani, na usiondoke tawini na hati mkononi kabla hujasoma kama rehani imefutwa kwenye daftari la msajili au imefutwa kwenye kumbukumbu za benki tu.